Kutambua ishara za mkono kwa akseleromita kwenye maikrokontrola: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mfano unaotumika kwenye ukurasa huu wote ni mmoja: bodi ndogo imefungwa kwenye fimbo, nayo, kwa kutumia modeli ndogo iliyofundishwa kwa mifano, inatakiwa kutofautisha ishara tatu. Ya kwanza ni duara la hewani, ya pili ni pigo la kwenda mbele, ya tatu ni kutikisa. Sensa inasomwa mara 100 kwa sekunde. Ukiwa na ishara nyingine au bodi nyingine, hesabu zitabadilika kidogo, lakini matatizo utakayokutana nayo ni yaleyale.

## Kabla ya kuanza

Akseleromita inapima nini hasa? Nimeiweka mezani haisogei, mbona haisomi sifuri?

Kwa sababu inahisi pia nguvu ya uvutano wa dunia. Bodi iliyolala mezani itakuonyesha karibu 1 g kwenye mhimili unaotazama juu, na karibu sifuri kwenye mihimili miwili iliyobaki. Ukiisimamisha kwa upande, ile 1 g inahamia mhimili mwingine. Kila unachosoma, basi, ni mchanganyiko wa vitu viwili: jinsi mkono unavyosogea na jinsi bodi ilivyoelekea.

Hilo lina faida na hasara zake. Faida ni kwamba mwelekeo wa mkono ni sehemu ya ishara nyingi, na modeli itaujifunza bila wewe kuutaja. Hasara ni kwamba mtu akiishika fimbo ikiwa imezunguka robo, namba zote zinahama mhimili na modeli inapotea. Dawa yake iko kwenye swali la bodi iliyogeuzwa, karibu na mwisho.

Nahitaji bodi kubwa kiasi gani? Na jairoskopu je?

Kwa ishara tatu au nne, bodi yenye nRF52840 (RAM KB 256, flashi MB 1) inatosha na kubaki na nafasi kubwa. Bodi nyingi zenye ESP32 zinatosha pia. Isiyofaa kwa njia hii ni ile yenye ATmega328P: RAM yake ni KB 2 tu, na dirisha moja la data tutakalotumia hapa, yaani kipande cha sampuli 128 zinazofuatana, likiwekwa kama `float`, linakula baiti 1,536 kabla modeli haijaingia.

Jairoskopu si lazima. Inasaidia pale ishara mbili zinapotofautiana kwa kuzungusha kifundo cha mkono tu, kama kufungua kitasa kwenda kulia na kwenda kushoto. Anza bila hiyo, uiongeze ukishaona kwa macho kwamba michoro ya ishara mbili haitofautiki.

## Kukusanya data

Nisome sensa mara ngapi kwa sekunde, na dirisha liwe refu kiasi gani?

Mjongeo wa mkono wa binadamu ni wa polepole ukilinganisha na uwezo wa sensa. Hata kutikisa kwa nguvu hakuzidi mizunguko michache kwa sekunde. Kusoma mara 50 kwa sekunde kunatosha kwa ishara nyingi, ila napendelea 100 kwa ajili ya pigo, kwa kuwa kilele chake ni kifupi sana na ukisoma kwa nadra unaweza kukiruka.

Urefu wa dirisha unaupata kwa kupima. Rekodi ishara yako iliyo ndefu kuliko zote, ifanywe na mtu mwenye mkono mzito, uhesabu imechukua muda gani. Kwenye fimbo yetu duara la taratibu lilichukua zaidi kidogo ya sekunde moja, kwa hiyo dirisha ni sampuli 128, yaani sekunde 1.28. Kwa mihimili mitatu hizo ni namba 384. Nimechagua 128 kwa sababu inagawanyika kwa 4 mara mbili bila salio, jambo litakalotufaa kwenye modeli.

Faili langu lina mistari pungufu, au ishara inaonekana "imebanwa". Kwa nini?

Mara nyingi ni kasi ya laini ya siriali. Mstari mmoja wenye muda na mihimili mitatu ni kama herufi 30. Ukisoma mara 100 kwa sekunde unahitaji kupitisha baiti 3,000 kwa sekunde. Laini ya 9600 inapitisha baiti 960 tu, yaani mistari 32 hivi. Bodi inasubiri laini iachie nafasi, na kumbe unachokiita 100 Hz ni 32 Hz. Tumia 115200.

Sababu ya pili ni `delay(10)`. Inasubiri milisekunde 10, kisha kusoma na kuandika kunaongeza muda wake juu, na mzunguko mzima unakuwa milisekunde 12 au 13. Acha sensa yenyewe iwe saa: subiri iseme ina data mpya (kwenye maktaba za Arduino ni `IMU.accelerationAvailable()`), ndipo usome. Kisha andika `micros()` kwenye safu ya kwanza ya kila mstari, ukague:

```python
import numpy as np
d = np.loadtxt("pigo_07.csv", delimiter=",")
dt = np.diff(d[:, 0])
print(dt.mean(), dt.max())
```

Wastani unatakiwa kuwa karibu na 10000. Wastani ukiwa sawa lakini `max` ni 40000, kuna sampuli tatu zilizoanguka njiani. Faili hilo litupe, usilitengeneze kwa kujaza namba za kubuni.

Pigo langu linaonekana limekatwa kichwa kwenye mchoro. Sensa imeharibika?

Haijaharibika. Umegonga dari ya kipimo. Maktaba nyingi zinaanza kwenye ±4 g, na pigo la mtu mwenye nguvu linapita hapo kirahisi. Ukiona kilele bapa kilichonyooka kwenye 4.0 kwa sampuli kadhaa mfululizo, panda hadi ±8 g. Usikimbilie ±16 g bila sababu: namba zikija kubanwa kuwa za biti 8, masafa mapana yanafanya kila hatua iwe nene, na ishara laini zinafifia. Hesabu yake iko kwenye sehemu ya kumbukumbu.

Masafa ukiyabadilisha, data ya zamani na mpya zisichanganywe kabla hujahakikisha zote ziko katika g. Namba ghafi za sensa hubadilika thamani masafa yanapobadilika.

Nikusanye mifano mingapi, na kutoka kwa nani?

Idadi ya watu ina uzito kuliko idadi ya mifano. Mifano 40 ya kila ishara kutoka kwa watu watano ni bora kwa mbali kuliko 200 ya kwako peke yako. Mwili wa mtu mmoja hurudia kitu kilekile kwa usahihi wa ajabu, hasa ukifanya duara la mia moja huku umekaa kwenye kiti kilekile. Modeli inajifunza mkono wako, haijifunzi duara.

Waache watu wafanye wanavyoelewa. Sema "chora duara mbele yako", usiwaonyeshe. Wengine watazungusha bega zima, wengine kifundo tu. Wengine wataanzia chini. Tofauti hizo ndizo unazozitafuta. Rekodi kwa awamu mbili za siku tofauti, na kila awamu fimbo ishikwe upya.

Kila faili liandikwe jina la mtu (au namba yake) na awamu. Utalihitaji kwenye swali la asilimia 99.

Kundi la "mengineyo" ni la nini? Nina ishara tatu tu.

Modeli ya makundi matatu haina namna ya kusema "hakuna kitu". Ukiinua fimbo kukuna kichwa, itachagua moja kati ya zile tatu, tena kwa kujiamini. Kwa hiyo kundi la nne ni la lazima, nalo ndilo linalostahili data nyingi kuliko yote.

Ndani yake weka fimbo ikiwa imetulia mezani, kutembea nayo, kuikabidhi kwa mtu mwingine, kuidondosha, kuinuka nayo kutoka kwenye kiti. Muhimu zaidi, weka ishara zilizokosewa: nusu duara, pigo lililosita, mtikiso mmoja tu. Dakika kumi za kuizunguka nayo nyumba zinakupa madirisha 468 yasiyopishana. Watu wengi huweka fimbo iliyotulia mezani peke yake, halafu wanashangaa kila hatua wanayotembea inasomeka kama kutikisa.

## Kufundisha modeli

Nitumie modeli ya namna gani?

Kishawishi cha kwanza ni kuchukua namba zote 384 na kuziunganisha na tabaka `Dense` la neva 50. Inafanya kazi, lakini tabaka hilo moja lina uzito 19,200, ambao kama `float` ni karibu KB 77. Kibaya zaidi, kila neva inajifunza mahali maalumu ndani ya dirisha. Pigo likichelewa sampuli 20, kwa modeli hiyo ni kitu kipya kabisa.

Vichujio vinavyoteleza juu ya muda havina ugonjwa huo kwa kiwango hicho, na ni vidogo mno:

```python
model = tf.keras.Sequential([
  tf.keras.Input((128, 1, 3)),
  L.Conv2D(8, (5, 1), padding="same", activation="relu"),
  L.MaxPooling2D((4, 1)),
  L.Conv2D(16, (5, 1), padding="same", activation="relu"),
  L.MaxPooling2D((4, 1)),
  L.Flatten(),
  L.Dense(4, activation="softmax")])
```

(`L` ni `tf.keras.layers`.) Tabaka la kwanza lina vigezo 128, la pili 656, la mwisho 516. Jumla 1,300. Nimetumia `Conv2D` yenye upana wa 1 badala ya `Conv1D` kwa makusudi: `Conv1D` ikigeuzwa kuwa faili la `.tflite` huongeza hatua kama `EXPAND_DIMS`, ambazo utalazimika kuzisajili kwenye bodi bila faida yoyote.

Kompyuta inasema usahihi ni asilimia 99, bodini inakosea nusu ya wakati. Nini kimetokea?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko mengine, na karibu kila mara jibu ni moja kati ya mawili.

La kwanza: uligawanya data vibaya. Ukikata madirisha yanayopishana kisha ukayachanganya na kutenga asilimia 20 za majaribio, nusu ya pigo lilelile iko kwenye mafunzo na nusu nyingine kwenye mtihani. Modeli imeona majibu. Gawanya kwa watu: fundisha kwa wanne, jaribu kwa wa tano, kisha zungusha hadi kila mmoja awe amejaribiwa. Asilimia 99 inaweza kushuka hadi 85, na hiyo 85 ndiyo uliyokuwa nayo tangu mwanzo.

La pili: madirisha ya mafunzo hayafanani na ya bodini. Wengi hurekodi kwa kungoja mshtuko, yaani jumla ya mihimili ikivuka kizingiti fulani, rekodi inaanza. Kwa hiyo katika kila mfano ishara inaanzia sampuli ya kwanza. Kisha bodini wanateleza dirisha kila baada ya muda, na ishara inaangukia katikati, mwishoni, popote. Chagua njia moja na uitumie pande zote mbili. Ukiteleza, kila mfano wa mafunzo uukate mara kadhaa, ishara ikisogezwa sampuli 10 hadi 30 mbele na nyuma. Ukingoja mshtuko, weka akiba ya sampuli kama 15 zilizotangulia, maana mwanzo wa ishara huwa umeshapita kizingiti kinapovukwa.

Kuna njia ya haraka ya kujua tatizo ni data au ni programu ya bodi. Chukua dirisha moja lililorekodiwa, libandike kwenye programu ya bodi kama safu ya namba zisizobadilika, uliendeshe. Bodi ikitoa jibu lilelile la kompyuta, modeli imefika salama na kosa liko kwenye madirisha. Isipotoa, soma swali la pigo linalogeuka duara.

## Kuingiza kwenye kumbukumbu

Kumbukumbu inaliwa na nini hasa?

Tenganisha flashi na RAM, maana zinajaa kwa sababu tofauti.

Flashi inabeba uzito wa modeli na msimbo wa kuiendesha. Uzito wetu, ukibanwa kuwa wa biti 8, ni baiti 1,272, na vigezo 28 vya `bias` vinabaki biti 32, yaani baiti 112. Faili la `.tflite` lenyewe litakuwa kubwa zaidi kwa sababu linabeba pia majina na maelezo ya matabaka. Msimbo wa TensorFlow Lite for Microcontrollers ndio mzito, makumi ya kilobaiti, na unakua kwa kila operesheni unayoisajili. Kwa hiyo tumia `MicroMutableOpResolver`, usajili zile tano tu: `CONV_2D`, `MAX_POOL_2D`, `RESHAPE`, `FULLY_CONNECTED`, `SOFTMAX`.

RAM inaliwa na matokeo ya kati ya matabaka. Hapa haihesabiwi jumla, kinachohesabiwa ni kilele: ingizo na tokeo la tabaka moja vikiwa hai kwa pamoja. Kwetu kilele ni tabaka la kwanza: ingizo baiti 384 na tokeo 128 × 8 = 1,024, jumla 1,408. Ukitaka kupunguza RAM, kata vichujio vya tabaka la kwanza. Kukata vya mwisho hakuokoi chochote, ingawa watu wengi huanzia huko.

Angalia pia kwamba safu ya modeli imetangazwa `const`. Faili linalotolewa na `xxd -i` halina neno hilo, na bila hilo modeli nzima inanakiliwa kwenye RAM bodi inapowaka.

Kubana kuwa biti 8 kunafanyikaje, na napoteza nini?

Kila namba inahifadhiwa kama nambari kamili kati ya -128 na 127, pamoja na kipimo cha kuirudisha: thamani = `scale` × (q − `zero_point`). Kama ingizo lina masafa ya -4 hadi +4 g, hatua moja ni 8/255, karibu 0.031 g. Kwa ±16 g hatua inakuwa 0.125 g, na mtikiso mwepesi unabaki na hatua chache mno.

```python
def mifano():
  for w in X_train[:200]:
    yield [w[None].astype("float32")]

c = tf.lite.TFLiteConverter.from_keras_model(model)
c.optimizations = [tf.lite.Optimize.DEFAULT]
c.representative_dataset = mifano
c.target_spec.supported_ops = [tf.lite.OpsSet.TFLITE_BUILTINS_INT8]
c.inference_input_type = tf.int8
c.inference_output_type = tf.int8
```

Masafa hayo kigeuzi kinayapata kwenye mifano unayompa, si mahali pengine. Ndiyo maana `X_train` lazima iwe imechanganywa kwanza. Kwa modeli ndogo kama hii, usahihi usiposhuka zaidi ya asilimia moja au mbili kila kitu kiko sawa. Ukishuka ghafla, kosa huwa kwenye mifano hiyo.

Niipe arena ukubwa gani?

Arena ni safu ya RAM ambamo modeli hufanyia kazi zake. Anza na KB 16, uendeshe `AllocateTensors()`, kisha uchapishe `interpreter.arena_used_bytes()`. Itakuwa kubwa kuliko zile 1,408, kwa sababu arena inabeba pia taarifa za kila tensa na nafasi ya muda ya hesabu. Ongeza kilobaiti moja juu ya namba hiyo, basi. Safu yenyewe itangazwe `alignas(16)`.

Ukiona ujumbe unaoanza na `Failed to resize buffer`, arena ni ndogo. Ukiona `Didn't find op for builtin opcode`, kuna operesheni hujaisajili, na jina lake limeandikwa hapohapo.

## Matatizo ya pembeni

Pigo la kawaida linatambuliwa, pigo kali linageuka duara. Inawezekanaje?

Hili lilinila jioni mbili. Mapigo ya taratibu yalitambuliwa vizuri, na kadiri nilivyopiga kwa nguvu ndivyo bodi ilivyosema "duara". Kumbe `X_train` yangu ilikuwa imepangwa kwa makundi, na mifano 200 ya kwanza yote ilikuwa ya duara. Duara halikuzidi 1.8 g, kwa hiyo kigeuzi kikaweka hatua ya 3.6/255, karibu 0.0141 g. Pigo la 3.5 g likigawanywa kwa 0.0141 ni 248. Hiyo haiingii kwenye `int8`: ikazunguka na kuwa -8, yaani -0.11 g. Kilele cha pigo kilifika kwenye modeli kama mkono uliotulia.

Nilirekebisha mambo mawili. Nilichanganya data kabla ya kubana, na bodini nikaweka kizuizi:

```cpp
int q = lroundf(g / scale) + zero_point;
if (q > 127) q = 127;
if (q < -128) q = -128;
input->data.int8[i] = (int8_t)q;
```

Kizuizi kiwepo hata kama masafa ni sahihi. Siku moja mtu atapiga kwa nguvu kuliko wote uliowarekodi.

Ishara moja inahesabiwa mara tatu. Nifanyeje?

Ukiteleza dirisha kila sampuli 32, duara moja linaonekana ndani ya madirisha matatu au manne mfululizo, na yote yanasema kweli. Dai kundi lilelile litokee mara mbili mfululizo kwa alama ya 0.8 au zaidi, kisha funga masikio kwa sekunde moja. Hiyo 0.8 ni ya kuanzia. Isogeze ukiangalia makosa ya kundi la "mengineyo", kwa sababu ishara iliyokosekana mtumiaji huirudia, lakini ishara iliyojitokeza yenyewe humkera.

Mtu wa mkono wa kushoto, au bodi ikigeuzwa, inashindwa. Nifundishe upya?

Kwa mkono wa kushoto, ndiyo, ongeza mtu mmoja au wawili kwenye data. Duara lake huenda upande wa pili, na hakuna hesabu fupi inayoaminika ya kuligeuza.

Kwa bodi inayoshikwa kwa mzunguko wowote, zungusha data kwa hesabu: kila dirisha lizungushwe kuuzunguka mhimili wa urefu wa fimbo kwa pembe za kubahatisha, na nakala hizo ziingie kwenye mafunzo. Fimbo yetu ni ya mviringo, kwa hiyo hapakuwa na njia nyingine. Kuondoa wastani wa kila dirisha ili kufuta uvutano nilikujaribu, na kulisaidia duara. Lakini kulifuta pia tofauti kati ya fimbo iliyoelekezwa mbele na iliyoelekezwa juu. Kama tofauti hiyo ni sehemu ya ishara zako, usiufute. Ukiamua kuufuta, fanya hivyo kwenye kompyuta na bodini, kwa msimbo unaotoa namba zilezile hadi desimali ya mwisho unayoweza kukagua.